Kukataa Ombi kwa Kiswahili cha Garissa: Siwezi, Ningaliweza na Insha Allah

1. Utangulizi

Mtu anayehamia Garissa kutoka pwani au bara ya Kenya kwa ajili ya kazi ya serikali, ya hospitali au ya shule, hakai siku nyingi kabla ya kuombwa jambo asiloliweza. Anayemwomba aghalabu ni mtu aliyefahamiana naye juzi tu, penye chai au mbele ya msikiti, na ombi lenyewe si dogo: kumtafutia mtoto nafasi ya shule, kumdhamini mtu mbele ya ofisi fulani, kuandika karatasi. Mgeni hana budi kukataa. Lakini hana budi vilevile kuihifadhi nia njema ya yule mwombaji, kwa kuwa mji ni mmoja, na habari za mtu husafiri haraka kuliko yeye mwenyewe.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi kukataa huko kunavyofanyika kwa Kiswahili, na hasa kwa nini kukataa kunakohesabiwa kuwa ni adabu katika miji ya pwani huweza kuleta madhara Garissa. Hoja itakayotetewa ni kwamba tatizo haliko katika tabia za watu peke yake, bali liko pia katika sarufi. Mswahili wa pwani anapokataa kwa upole huliweka neno la kukataa ndani ya viambishi vya kitenzi, mahali ambapo msikilizaji aliyejifunza Kiswahili kama lugha ya pili huweza asilione kabisa. Hivyo mmoja huondoka akidhani amekataa, na mwenzake huondoka akidhani ameahidiwa.

2. Lugha na mahali

Mji wa Garissa umekaa kando ya Mto Tana, upande wa mashariki, na daraja la mto huo ndiyo njia kuu ya kwendea Nairobi. Pamoja na Wajir na Mandera, Garissa ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Kaskazini Mashariki hadi utaratibu wa kaunti ulipoanza kutumika mwaka 2013. Wakazi wengi wa eneo hilo ni Wasomali. Kisomali ndicho lugha ya nyumbani, ya soko la mifugo na ya mashauri ya wazee. Kandokando ya mto wako Wapokomo, ambao lugha yao ni ya Kibantu, na wako pia wasemaji wa lugha zenye asili ya Kioromo.

Kiswahili hapo ni lugha ya kukutania. Mzee wa Kisomali hakitumii kwa ndugu zake. Hukitumia kwa mwalimu, polisi, mwuguzi, karani na dereva wa lori kutoka bara. Jambo hili lina maana kubwa kwa mada yetu. Kiswahili anachokijua mzee huyo ni Kiswahili cha shughuli na wageni, na aghalabu wageni hao ni wenye madaraka fulani. Anayajua vizuri maneno ya amri, bei, safari na karatasi. Maumbo ya kitenzi yanayotumika kwa mizaha, majuto na masharti hakuyasikia sana, kwa sababu maisha yake ya ndani yanaendeshwa kwa lugha nyingine.

Hapana budi pia kutaja namna ya kuitana. Kisomali kina majina ya ukoo ambayo hutumika kwa watu wasio na nasaba: adeer, yaani ndugu wa baba, na abti, yaani ndugu wa mama. Majina haya huenda na kurudi. Mjomba humwita mpwa wake abti, na mpwa humwita mjomba abti vilevile. Kwa hiyo mzee mwenye mvi anapomwita mwalimu kijana abti, hamwinui kuwa mkubwa wake wala hamdhihaki. Anafungua uhusiano ambao ndani yake kila mmoja ana haki kwa mwenziwe. Ombi linalofuata jina hilo ni ombi kwa jamaa. Mwalimu akiendelea kusema "mzee" tu, hajakosa heshima, lakini hajauingia mlango uliofunguliwa. Kinyume chake liko neno waryaa, ambalo kwa Kisomali ni la kumwitia mwanamume. Wakenya wengi walilifanya kuwa jina la kuwataja Wasomali wote, tena kwa dharau. Katika kukataa ombi, neno hilo lina uwezo wa kuharibu kila kilichojengwa.

3. Mfano: karatasi ya shule

Ili maelezo yasielee hewani, tuuchukue mfano mmoja na kuufuata mpaka mwisho. Mfano huu umeundwa kwa ajili ya makala haya, lakini mazingira yake ni ya kweli.

Nchini Kenya mtu aliyetimiza miaka 18 sharti achukue kitambulisho, ambacho wazee wengi bado hukiita kipande. Asiye nacho hapigi kura, hafungui akaunti ya benki, na akisafiri kutoka Garissa kwenda Nairobi huwa na wasiwasi penye kila kizuizi cha polisi. Kwa miaka mingi vijana wa kaunti za mpakani walitakiwa kupita mbele ya kamati ya uhakiki kabla ya maombi yao kupokelewa, jambo ambalo wenzao wa sehemu nyingi za nchi hawakutakiwa kulifanya. Mnamo Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza, akiwa Wajir, kwamba uhakiki huo umefutwa. Mfano wetu ni wa miaka iliyotangulia tangazo hilo, wakati ambapo karatasi moja ya shule, yenye kuonyesha kwamba kijana alisoma nchini, ilikuwa na uzito mkubwa mbele ya kamati.

Mwalimu mmoja, mzaliwa wa Lamu, amehamishiwa shule ya sekondari mjini Garissa, na amekabidhiwa daftari la uandikishaji wa wanafunzi. Jioni moja, penye hoteli ya chai, anajulishwa kwa mzee mmoja mfugaji kutoka upande wa Balambala. Wanakunywa chai mara mbili, na mzee analipa. Mara ya tatu mzee anasema:

(1) Abti, wewe ndiyo mtu ya shule. Kijana yangu anataka kipande. Andika karatasi moja tu, sema alisoma kwako.

Kijana huyo hakusoma katika shule ile. Alisoma miaka michache katika shule ya msingi ya kwao, kisha akarudi kwenye ngamia. Mwalimu hawezi kuandika. Kutoa taarifa ya uongo kwa ajili ya kitambulisho ni kosa chini ya Sheria ya Usajili wa Watu, na barua yenyewe huweza kulinganishwa na daftari. Lakini mwalimu anafahamu pia kwamba kijana ni Mkenya, kwamba mzee hakuja kwa hila, na kwamba bila kipande kijana atabaki amefungwa ng'ambo hii ya mto. Hilo ndilo jambo zito lililomo katika ombi (1), na ndilo linalomfanya mwalimu atafute maneno laini.

4. Kukataa kwa sharti

Jibu la kwanza linalomjia mwalimu ni lile ambalo kwao Lamu lingetosha kabisa:

(2) Ningaliweza, mzee wangu, ningalikuandikia leo hii.

Kwa msemaji wa pwani sentensi hii ni kukataa kamili, tena kukataa kuliko na huruma. Kiambishi -ngali- kinaeleza sharti lisilotimia: sina uwezo, kwa hiyo siandiki. Uzuri wake ni kwamba neno la kukana halikutamkwa. Hakuna si-, hakuna ha-, hakuna neno lo lote la kuumiza. Msikilizaji anaachiwa ajikamilishie mwenyewe, na kule kujikamilishia ndiko kunakolinda heshima ya wote wawili.

Lakini tuitazame sentensi hiyo kwa sikio la mzee. Anachokisikia wazi ni shina la kitenzi na mahali linapoelekea: -weza, -kuandikia, na mwishoni leo hii. Kilicho kati yake, yaani silabi mbili -ngali-, ndicho kinachobeba maana yote ya kukataa, nacho hakina mkazo. Katika Kiswahili cha bara ya Kenya umbo hilo ni adimu. Linalosikika zaidi ni -nge-, nalo pia hutumika pengine kwa kuomba kwa adabu, kama vile "ningetaka kukuona". Msikilizaji aliyezoea matumizi hayo ana sababu nzuri ya kudhani kwamba "ningekuandikia" ni ahadi iliyosemwa kwa upole.

Kisomali chenyewe hakikosi namna ya kueleza sharti lisilotimia. Hutumia kitenzi kisaidizi kinachofuata kitenzi kikuu: waan qori lahaa, yaani ningeandika au ningaliandika. Tofauti ni ya mahali. Katika Kisomali alama ya sharti ni neno kamili linalosimama mwishoni, penye kusikika. Katika Kiswahili ni kiambishi kilichobanwa katikati ya neno refu. Anayetoka katika lugha ya kwanza kwenda katika ya pili huitafuta alama hiyo mahali ambapo haipo. Kadhalika kukana: ma qori karo, yaani siwezi kuandika, huanza na neno la pekee la kukana. Mzee anayelisubiri neno la kukana katika sentensi (2) hatalipata, kwa kuwa mwalimu amelificha kwa makusudi.

Matokeo yake huonekana baada ya siku chache. Mzee anarudi nyumbani na kuwaambia ndugu kwamba mwalimu ataandika. Kijana anapandishwa lori aje mjini kabla ya siku ya kamati. Mzee anamjia mwalimu asubuhi, mwalimu hayupo. Anamjia jioni, mwalimu anatoa udhuru mwingine wenye -nge- ndani yake. Siku ya kamati inapita. Kuanzia hapo mwalimu hatajwi kama mtu aliyekataa, maana kukataa si aibu. Hutajwa kama mtu aliyesema kisha asitende. Waswahili wenyewe husema ahadi ni deni. Shida ni kwamba hapa mdaiwa hajui kwamba alikopa.

5. Insha Allah

Mwalimu angeweza pia kusema:

(3) Insha Allah, tutaona.

Neno hili linahitaji uangalifu zaidi kuliko -ngali-, kwa sababu wote wawili wanalijua na ni la dini yao wote wawili. Sura ya Al-Kahf, aya ya 23 na 24, inamkataza mtu kusema kwamba atafanya jambo kesho bila ya kulifungamanisha na mapenzi ya Mungu. Kwa asili yake, basi, insha Allah huandamana na nia ya kweli. Haipunguzi ahadi, bali huitia adabu.

Katika mazungumzo ya pwani neno hilo limepata kazi ya pili. Likisemwa polepole, likafuatwa na "tutaona" au "Mungu akijaalia", na lisifuatwe na siku wala saa, wenyeji hulielewa kuwa ni njia ya kuliahirisha jambo mpaka life lenyewe. Si neno linalokataa, bali ni mwendo wa sauti na ukosefu wa siku. Wasomali nao, kama Waislamu wengine, wanaweza kulitumia hivyo baina yao. Lakini kuitambua kazi hiyo ya pili kunahitaji kuujua mwendo wa sauti wa msemaji, na huo ndio usioweza kujulikana kwa mtu uliyekunywa naye chai mara tatu. Baina ya watu wapya hubaki maana ya asili tu: huyu amenuia.

Wako pia watumishi wasio Waislamu ambao hulichukua neno hili kwa kuona kwamba linawapendeza wenyeji, wakalifanya kuwa mlango wa kutokea. Hao hujidhuru maradufu. Mwombaji akigundua kwamba jambo halikukusudiwa, huona kwamba si yeye tu aliyedanganywa, bali neno la Mungu limetumiwa katika kumdanganya.

Kanuni inayofuata ni nyepesi. Insha Allah haina nafasi katika sehemu ya jibu inayokataa. Ina nafasi yake, nayo ni muhimu, katika sehemu inayoahidi kile kinachowezekana kweli. Tutairudia hapo mbele.

6. Kukataa kwa ofisi

Mtu aliyekwisha kuumwa na hatari ya jibu (2) na la (3) huenda akakimbilia upande wa pili:

(4) Haiwezekani. Ni kinyume cha sheria.

Hapa kukana kunasikika, na kosa la kwanza limeepukwa. Lakini limeingia lingine. Kitenzi haiwezekani hakina mtendaji. Kauli ya -ik-/-ek- humwondoa mtu katika sentensi, ikabaki hali tu. Hakuna anayekataa, jambo lenyewe ndilo linalokataa. Katika ofisi hii ni faida. Kwa mtu aliyeitwa abti ni kujitoa katika uhusiano uliokwisha kufunguliwa.

Zaidi ya hayo, maneno hayo yana historia katika eneo hili. Vita vilivyoitwa vya shifta viliendelea tangu 1963 hadi 1967, na sheria za hali ya hatari ziliendelea kutumika kaskazini mpaka zikafutwa mwaka 1991. Februari 1984 watu walikusanywa katika kiwanja cha ndege cha Wagalla, karibu na Wajir, na wengi wakauawa na majeshi ya serikali. Mwaka 1989 Wakenya wenye asili ya Kisomali walitakiwa kupimwa uraia wao upya na kupewa kadi za pekee. Kwa mzee wa umri wa kutosha, "haiwezekani, ni sheria" kutoka kinywani mwa mtu wa mbali si taarifa ya kanuni. Ni sauti aliyoisikia maishani mwake mara nyingi, penye meza, penye kizuizi, na penye mlango uliofungwa. Sheria iliyomzuia mwalimu asiandike uongo ni nzuri. Lakini ikitajwa kwanza, na ikitajwa peke yake, husikika kama ile nyingine.

Liko jibu la tatu la namna hii, nalo ni "sina ruhusa". Linaonekana la upole, lakini linamwelekeza msikilizaji kwa mwenye ruhusa. Mzee atauliza ruhusa iko kwa nani, na kesho yake atakuwa mbele ya mkuu wa shule, akisema kwamba mwalimu yu tayari, anangoja kuruhusiwa. Ombi halikukataliwa, limehamishwa tu, na mwalimu ametajwa ndani yake.

7. Jibu lenye kufaa

Jibu linalolinda mambo yote mawili, yaani ukweli na nia njema, lina sehemu nne zinazofuatana. Tulisome kwanza zima:

(5) Abti, nimekusikia. Karatasi hiyo siwezi kuiandika. Jina la kijana halimo katika daftari la shule, na mimi siwezi kumwandikia mtu ye yote asiyekuwamo. Wakifungua daftari wasilione, kijana ndiye atakayeitwa mwongo, kipande asipate kabisa. Nisije nikamharibia. Lakini alisoma kwenu. Mwalimu wa shule ile anaweza kuandika kweli. Jumamosi asubuhi, insha Allah, niletee karatasi zote mlizo nazo, tuzisome pamoja.

Sehemu ya kwanza ni kuitika. Mwalimu anajibu abti kwa abti, na kusema nimekusikia. Hakusema nimekubali, na tofauti hiyo iwe wazi: hapo hapafai "sawa", "haya" wala "hakuna taabu", ambayo yote ni maneno ya kuridhia.

Sehemu ya pili ni kukataa kwenyewe, nako kuje mapema, kwa sentensi fupi, kwa kitenzi chenye mtendaji. Siwezi ndilo neno lifaalo, lakini lina masharti mawili. La kwanza ni kwamba lifuatwe na kitenzi kingine. Katika Kiswahili cha pwani, siwezi likisimama peke yake lina maana ya pili, yaani mimi ni mgonjwa. Na kwa asiyelijua hilo, siwezi tupu husikika kama "siwezi leo". Sharti la pili ni kuchagua vizuri kitenzi kinachofuata. "Siwezi kukuandikia" na "siwezi kuiandika karatasi hiyo" havina maana moja. Cha kwanza kina kiambishi -ku- na kauli ya kutendea, kwa hiyo kinaacha nafasi ya kudhani kwamba mwingine angeandikiwa: siwezi kwa ajili yako. Cha pili kinakana tendo lenyewe. Ndiyo maana kauli ya kutendea katika jibu (5) imekuja baadaye tu, na ikaja pamoja na mtu ye yote. Hapo haimtengi mzee. Inamweka pamoja na watu wengine wote, na katika mji ambao kila mtu anaijua hesabu ya koo, kuambiwa kwamba hakuna aliyependelewa ni sehemu kubwa ya heshima.

Sehemu ya tatu ni sababu. Sababu iliyochaguliwa si sheria bali ni daftari, kitu kinachoonekana na kinachoweza kufunguliwa. Kisha imegeuzwa kutoka kwa hatari ya mwalimu kwenda kwa hatari ya kijana. Umbo nisije nikamharibia linafaa sana mahali hapa. Kukana kwake kunasikika mwanzoni, mtendaji wake ni mwalimu mwenyewe, na maana yake ni kwamba anakataa kwa kumwonea kijana huruma. Lakini sharti iwe kweli. Hapa ni kweli: barua inayokanushwa na daftari humfanya kijana atiliwe shaka katika kila ombi lake la baadaye. Pale ambapo madhara ni ya mkataaji peke yake, umbo hili lisitumiwe, maana mzee atauliza swali moja tu na uongo utafichuka.

Sehemu ya nne ni badala. Ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu badala ni ahadi mpya, nayo ikivunjika huwa mbaya kuliko ombi lililokataliwa. Kwa hiyo iwe ndogo, iwe mikononi mwa msemaji, na iwe na siku yake. Mwalimu hakuahidi kwamba shule ya kwao itaandika, wala kwamba kamati itakubali, wala kwamba atamwona afisa. Ameahidi kusoma karatasi Jumamosi asubuhi. Hapo ndipo insha Allah inapokaa mahali pake, kwa kuwa nia ipo na siku ipo. Msikilizaji anaweza pia kulinganisha: penye siwezi haikutajwa, penye Jumamosi imetajwa. Ulinganifu huo humweleza wazi lipi linangojewa na lipi halingojewi.

8. Dalili za kueleweka

Msemaji atajuaje kwamba amekataa kweli? Jibu la mwenziwe humwambia. Mzee akiuliza "lini?", na isiwe anaiuliza Jumamosi, basi amesikia ahadi, na inafaa kurudia siwezi papo hapo, kwa maneno yaleyale. Kubadilisha maneno kwa kutafuta upole zaidi humrudisha msemaji kwenye -nge-. Mzee akiuliza "basi nani anaweza?", amesikia kukataa na uhusiano ungali hai, hilo ndilo swali bora, kwa sababu linaipokea sehemu ya nne. Akinyamaza, kisha akaacha abti na kusema "mwalimu", amesikia kukataa lakini nia njema imepungua. Jina la kazi limerudi mahali pa jina la ukoo. Dawa yake si kulegeza neno, bali ni kuitimiza Jumamosi.

Iko pia njia ya kuhakikisha bila kumtahini mtu mzima kama mwanafunzi. Badala ya kuuliza "umeelewa?", swali ambalo kila mtu hulijibu kwa ndiyo, mwalimu huweza kuuliza "Kwa hiyo, abti, nani atakwenda kwenu kumwona mwalimu wa kule?" Akitaja mtu, mambo yameeleweka. Akisema "kwani wewe huandiki?", bado.

9. Mipaka na hitimisho

Maelezo haya yanahusu wanaume wawili waliofahamiana karibuni, wanaozungumza Kiswahili ambacho kwa mmoja wao ni lugha ya pili. Hayahusu Wasomali wanaokataliana kwa Kisomali, wenye njia zao. Hayatoshi kwa mazungumzo ya wanawake, ambayo yana majina mengine ya ukoo na mahali pengine pa kukutania. Wala hayamhusu kwa kiwango kilekile Mpokomo wa kando ya mto, ambaye lugha yake ya Kibantu ina mazoea ya kubeba maana katika viambishi, wala kijana aliyesoma Kiswahili shuleni mpaka kidato cha nne.

Hata hivyo, mfano huu una funzo kwa wanaofundisha Kiswahili na kuandika sarufi zake. Vitabu hufundisha -nge-, -ngali- na -ngeli- kama maumbo ya sharti, na zoezi la kawaida ni kukamilisha sentensi. Ni nadra mwanafunzi kuambiwa kwamba maumbo hayo ndiyo yanayotumika pwani kila siku kwa kukataa, na kwamba mtu akiambiwa "ningaliweza" amekwisha kujibiwa. Ni nadra vilevile mtumishi wa pwani anayehamishiwa kaskazini kuambiwa kwamba adabu yake yote imekaa katika silabi mbili ambazo huenda zisisikike.

Mzee wa mfano wetu alirudi Jumamosi na bahasha ya karatasi. Ndani yake mlikuwa na kadi ya kliniki ya mtoto na daftari kuukuu la darasa la tatu, lenye jina la kijana na la shule yake. Mwalimu hakuandika cho chote. Alisoma, akazipanga, akamwonyesha mzee ipi ya kutangulizwa. Mzee alipoondoka alisema abti.